Sanduku limepungua, lakini duka limepata faida

Andalio langu la somo la faida na hasara linaanza na kisanduku cha bati. Ndani yake mna sarafu nilizozikata kwa mkasi kutoka kwenye karatasi ya manila, na juu ya kifuniko nimebandika maandishi: "Jumatatu asubuhi: 350." Nakiweka mezani bila maelezo, kisha namwita mwanafunzi mmoja aje ahesabu kilichomo. Anahesabu, anahesabu tena, anatangaza: 180.

Hapo ndipo ninapouliza. Duka la shule limefanya biashara wiki nzima. Jumatatu sanduku lilikuwa na sarafu 350, Ijumaa jioni lina 180. Duka limepata nini?

"Hasara, Mwalimu. Hasara ya 170."

Karibu darasa zima hujibu hivyo, na kwa sauti ya mtu asiye na shaka. Sibishi. Naandika pembeni mwa ubao, "Hasara 170", nazungushia duara, na ninamwomba atakayefuta ubao asiguse hapo hadi mwisho wa kipindi.

Sikuwa nikifundisha hivi zamani. Nilikuwa natangulia na kanuni: mauzo toa gharama ya bidhaa zilizouzwa ni faida ghafi, faida ghafi toa matumizi ni faida halisi. Halafu mifano mitatu, zoezi, kusahihisha, basi. Alama zilikuwa nzuri. Siku moja, wakati narudisha daftari, nilimwuliza kwa mdomo mmoja wa waliopata zote: mwenye duka akinunua bidhaa nyingi hadi fedha zikaisha mkononi, amepata nini? Akanijibu, "Amepata hasara, kwa sababu hana kitu." Kanuni aliiweka kwenye daftari. Kichwani alibaki na sanduku. Tangu siku hiyo naanza na sanduku lenyewe, ili kosa hilo litoke mapema na tulishughulikie mchana kweupe.

Somo linachukua vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Duka ni la kubuni na fedha ni "sarafu" tu, kwa makusudi, maana nikitumia bei za kweli dakika 15 zinaishia kwenye ubishi kwamba kalamu haiuzwi bei hiyo. Duka linauza vitu viwili. Pakiti ya biskuti hununuliwa kwa sarafu 6 na kuuzwa kwa 8. Kalamu hununuliwa kwa 9 na kuuzwa kwa 12. Niliwahi kuweka bidhaa sita, nikagundua wanafunzi wanazama kwenye kuzidisha na kusahau wanatafuta nini. Mbili zinatosha.

Kila kikundi cha watu watano kinapewa karatasi ya kisa. Inasema hivi: Jumatatu asubuhi kulikuwa na pakiti 50 za biskuti na kalamu 20. Jumanne muuzaji wa jumla alileta pakiti 100 na kalamu 40, akalipwa taslimu papo hapo, sarafu 960. Duka lililipa kodi ya chumba 50 na usafi 20. Daftari la mauzo linaonyesha mauzo ya taslimu 860, na daftari la madeni lina wanafunzi watatu waliokopa: mmoja 32, mwingine 28, wa tatu 20. Jumla ya madeni 80.

Kitu kimoja hakimo kwenye karatasi, nacho ni bidhaa zilizobaki Ijumaa. Hizo ziko kwenye boksi nyuma ya darasa, kadi za njano badala ya biskuti na za bluu badala ya kalamu, na lazima wakazihesabu. Nimewahi kushauriwa niandike tu idadi kwenye karatasi ili kuokoa muda. Nilikataa na bado nakataa. Idadi ikiandikwa, mwanafunzi anadhani ni namba inayotolewa na mwalimu, kama ilivyo kwenye mitihani. Akihesabu mwenyewe, anaelewa kwamba namba hiyo haipo mahali popote hadi mtu ainame ahesabu. Luca Pacioli, yule mtawa aliyechapisha maelezo ya uhasibu wa wafanyabiashara huko Venisi mwaka 1494, naye anamtaka mfanyabiashara aanze na orodha ya mali aliyonayo kabla ya kufungua kitabu chochote.

Kuhesabu kwenyewe kuna vituko. Kadi za njano ni 70 na za bluu ni 30, lakini kuna kikundi kitapata 69 kwa sababu kadi mbili zimegandana, na kingine kitapata 71 kwa sababu wawili wamehesabu fungu moja. Kwa hiyo kanuni yangu ni kwamba vikundi viwili vinahesabu boksi moja kwa zamu bila kuonyeshana karatasi, na namba zikitofautiana wanarudi wote. Pakiti moja ikizidi kwa makosa, faida inazidi kwa sarafu 6 bila mtu kuuza chochote. Nawaambia hivyo wakati wameinama, si kabla.

Baada ya kuhesabu linakuja kosa ninalolisubiri kila mwaka. Wanatakiwa kuzipa bidhaa hizo thamani, na angalau kikundi kimoja kitatumia bei ya kuuzia: 70 mara 8, 30 mara 12, jumla 920. Siwakatazi. Nawaacha waendelee nayo hadi mwisho wa hesabu, maana kosa hili linajifichua lenyewe. Waliotumia bei ya kununulia wanapata 420 na 270, jumla 690.

Sasa hesabu yenyewe, ambayo naiandika ubaoni kwa umbo la taarifa:

Mauzo (860 + 80): 940
Bidhaa za mwanzo: 480
Ongeza manunuzi: 960
Toa bidhaa zilizobaki: 690
Gharama ya bidhaa zilizouzwa: 750
Faida ghafi: 190
Toa kodi na usafi: 70
Faida halisi: 120

Darasa linaangalia 120, kisha linaangalia duara pembeni mwa ubao. Nasimama kimya. Kimya hicho nimekiandika kabisa kwenye andalio, dakika moja, kwa sababu mwalimu anayekimbilia kueleza hapa ameharibu somo zima.

Kabla ya kutatua hilo, namalizana na kikundi cha 920. Wao wamepata gharama ya bidhaa zilizouzwa 520 na faida ghafi 420. Nawauliza: mnauza biskuti ya 6 kwa 8. Katika kila sarafu 8 zinazoingia, faida ni ngapi? Mbili, yaani robo. Na kalamu ya 9 kwa 12? Tatu kati ya 12, robo pia. Bei hizo sikuziokota, nilizipanga hivyo ili kila kitu dukani kiache robo ya mauzo. Basi kwenye mauzo ya 940, faida ghafi inaweza kufika 420? Hiyo ni karibu asilimia 45. Wanaona wenyewe kwamba haiwezekani. Walichofanya ni kuhesabu faida ya biskuti ambazo bado zimekaa rafuni. Uhasibu wa kimataifa una kanuni juu ya hilo, IAS 2, inayosema bidhaa zilizobaki zithaminiwe kwa gharama yake, au kwa kile zitakacholeta zikiuzwa ukishaondoa gharama za kuziuza, ipi iliyo ndogo. Pakiti iliyopondeka ambayo haitapata zaidi ya sarafu 4 inaandikwa 4, ingawa tulinunua kwa 6. Naitaja tu na kupita, hatuna pakiti zilizopondeka kwenye kisa hiki.

Hapo pia huwa natenganisha theluthi na robo, maana zinachanganywa hata na watu wazima wenye maduka. Sarafu 2 za faida ni theluthi ya 6, bei ya kununulia, lakini ni robo ya 8, bei ya kuuzia. Anayesema "naongeza theluthi, kwa hiyo theluthi ya mauzo yangu ni faida" atatumia fedha ambazo si faida. Kwenye mauzo ya 940 atadhani ana zaidi ya 313, wakati robo ni 235.

Turudi kwenye duara. Faida 120, lakini fedha zimepungua 170. Kati ya kupanda 120 na kushuka 170 kuna pengo la 290. Kazi ya vikundi kwa dakika 15 ni kutafuta sarafu 290 zimekwenda wapi, na ninawapa sharti moja: wasitumie neno "zimepotea".

Sipendi kuwasaidia hapa, na mara nyingi hawahitaji. Wa kwanza kuona huwa ni yule aliyeinama kwenye boksi. Mwaka mmoja alikuwa msichana wa dawati la nyuma, mtu asiyenyoosha mkono hata mara moja kwa juma, akasema, "Mwalimu, fedha ziko nyuma ya darasa." Akasimama akaenda kulipiga boksi kofi. Wiki ilianza na bidhaa za 480 na imeisha na bidhaa za 690. Sarafu 210 zimegeuka kuwa biskuti na kalamu. Zinazobaki 80 ni majina matatu kwenye daftari la madeni: mauzo yamefanyika, bidhaa zimetoka, fedha hazijaingia. Jumlisha 210 na 80, unapata 290. Hakuna sarafu iliyokosa maelezo.

Baada ya hapo ndipo ninapofuta duara, na ninamwachia aliyesema hasara aje afute mwenyewe kama yuko radhi.

Kuna wakati nilitia rafu mpya kwenye kisa, imenunuliwa kwa sarafu 120 na itadumu wiki 40 za masomo, ili tujadili kwamba gharama yake wiki hii ni sarafu 3 tu na si 120. Ni jambo la kweli, na lina utamu wake. Lakini lilimeza muda wa sehemu inayofuata, na sehemu inayofuata siiachi. Rafu nimeihamishia wiki ya pili. Nauli ya kuleta bidhaa nayo nimeiondoa, ndiyo maana muuzaji wa jumla analeta mwenyewe. Nauli hiyo huingia kwenye gharama ya bidhaa, haihesabiwi pamoja na kodi na usafi, na ukiiingiza mapema ile robo yetu inavurugika.

Sehemu inayofuata ni robo hiyohiyo. Tulikubaliana kwamba kila kitu dukani kinaacha robo. Robo ya 940 ni 235. Taarifa yetu inasema faida ghafi ni 190. Nawauliza kama wanaridhika.

Mwanzoni wanaridhika. Duka limepata faida, wanataka nini tena? Halafu mmoja anatoa 190 kwenye 235 na kubaki na 45, na minong'ono inaanza. Wanaangalia upya kwenye boksi kama wamehesabu vibaya. Sawa, nawaruhusu wahesabu mara ya tatu. Zinabaki 70 na 30.

Basi twende kwa njia nyingine. Pakiti 50 na 100 ni 150, zimebaki 70, kwa hiyo pakiti 80 zimeondoka dukani. Kalamu 20 na 40 ni 60, zimebaki 30, zimeondoka 30. Pakiti 80 kwa sarafu 8 ni 640, kalamu 30 kwa 12 ni 360. Zilipaswa kuleta 1,000 kamili. Daftari linasema 940. Kuna bidhaa za sarafu 60 kwa bei ya kuuzia, au 45 kwa bei ya kununulia, zilizotoka mlangoni bila kuandikwa.

Ninachotaka waone ni mahali hasara hiyo ilipojificha. Hakuna mstari kwenye taarifa unaosema "vilivyopotea". Gharama ya bidhaa zilizouzwa tuliipata kwa kutoa kilichobaki, kwa hiyo kila kilichokosekana kimehesabiwa kama kimeuzwa. Biskuti iliyoliwa na muuzaji nyuma ya kaunta na biskuti iliyonunuliwa na mteja zimekaa pamoja ndani ya ile 750. Asiyejua duka lake linatakiwa kuacha robo angesoma taarifa hiyo, aone faida 120, afunge kitabu akalale.

Kisha nauliza: ni vitu gani vimekosekana? Wanapenda swali hili kwa sababu lina uchunguzi. Wanatafuta pakiti za 8 na kalamu za 12 zitakazofika 60, na wanapata majibu matatu: pakiti 6 na kalamu 1, pakiti 3 na kalamu 3, au kalamu 5 bila pakiti hata moja. Yote matatu yanafaa, na kwa bei ya kununulia yote yanatoa 45 ileile, kwa hiyo hata taarifa haiwezi kuchagua. Wanakasirika kidogo. Wanataka jibu moja. Jibu moja halipo kwa sababu daftari la mauzo liliandika jumla ya fedha za kila siku, basi. Lingekuwa na safu mbili, biskuti na kalamu, na kijistari kwa kila kitu kinachouzwa, tungejua kabla chai haijapoa.

Na hata tukijua vitu, sababu bado hatuijui. Inawezekana biskuti zililiwa. Inawezekana mteja alilipa na sarafu hazikufika sandukuni wala mauzo hayakufika daftarini. Inawezekana vilevile kwamba hakuna kilichokosekana kabisa, muuzaji alikuwa akiwauzia rafiki zake kalamu kwa 10 badala ya 12, kalamu 30 kwa punguzo la 2, jumla 60. Hiyo ya mwisho huwa naitoa mimi, na darasa hucheka, kwa sababu kila mtu anamjua muuzaji wa namna hiyo.

Hapo huzuka ubishi ninaoupenda kuliko yote katika mada hii: hasara ya duka ni 45 au 60? Wa 60 wanasema vitu hivyo vingeuzwa kwa 60. Wa 45 wanasema duka lilivinunua kwa 45. Nawapa dakika tano wagombane, halafu nawauliza kama kuna mteja aliyerudishwa kwa kukosa bidhaa. Hapana, zimebaki pakiti 70 na kalamu 30. Basi kama vitu vimeliwa au vimeibwa, hakuna mauzo yaliyokosekana. Kila aliyekuja na sarafu zake alihudumiwa, na duka limepungukiwa na gharama ya vitu tu, 45. Lakini kama wateja walilipa na fedha zikaingia mfukoni mwa mtu, duka lilikuwa na haki ya sarafu 60 na limezikosa zote. Taarifa inaonyesha faida ileile ya 120 katika hali zote mbili. Kwa hiyo kambi zote zina hoja, ila hazijakubaliana ni kisa kipi kimetokea, na hesabu haiwezi kuwaamulia.

Nawaambia waandike majibu yote mawili kwenye daftari, kila moja na sharti lake. Wapo wanaochukia hilo. Mmoja aliniuliza, "Mtihani ukija niandike lipi, Mwalimu?" Nikamwambia mtihani utamwambia kama vitu vimeibwa au fedha zimeibwa, na usipomwambia, aandike anachokichukulia kuwa kweli kabla ya kuanza hesabu.

Zikibaki dakika tano natoa karatasi ya mwisho, ndogo, kikundi kimoja kimoja. Inasema: yule mwanafunzi aliyekopa 28 amehama shule na hatarudi. Andika faida mpya.

Wengi wanafika: 28 zinakuwa matumizi, deni lisilolipika, faida halisi inashuka kutoka 120 hadi 92. Sanduku la bati bado liko mezani muda wote huu. Safari iliyopita kijana mmoja wa kikundi cha mbele alisimama bila kuombwa, akalifungua, akahesabu tena sarafu za manila, akageuka kuwatazama wenzake.

"Bado ni 180," akasema, na kengele ikalia.